Miguu, firigisi na shingo: kwa nini haziivi pamoja

Siku ya kwanza niliyoachiwa sufuria ya supu, pale kibandani kwa mama mdogo, Majengo, Dodoma, niliiharibu bila kuunguza kitu. Moto ulikuwa mzuri, chumvi ilikaa, tangawizi ilinukia mpaka barabarani. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilitia miguu ya kuku, firigisi na shingo kwa mkupuo mmoja, nikafunika, nikahesabu saa nzima. Mteja wa kwanza, mzee mmoja dereva wa bajaji, alitafuna firigisi, akaihamishia shavu la kushoto, akairudisha la kulia, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni firigisi au kandambili?"

Nikarudisha sufuria motoni dakika 40 nyingine. Firigisi zikalegea kiasi, lakini shingo zikapitiliza. Pingili zikaachana, zikawa zinaelea kwenye supu kama shanga zilizokatika uzi, na kila aliyekunywa ikabidi ateme vifupa.

Mama mdogo aliporudi hakugomba. Alichota mguu mmoja, firigisi moja na mabaki ya shingo, akavipanga kwenye sahani mbele yangu. "Hivi ni vitu vitatu," akasema. "Havijuani. Wewe umevipa saa moja vyote."

Maneno yale ndiyo makala hii. Sehemu hizi tatu huuzwa pamoja kwa sababu ndizo zinazobaki mchuuzi akishauza mapaja, mabawa na vidari, na bei yake ni ya chini. Kwenye beseni la sokoni zinafanana: zote ngumu, zote za supu. Lakini ugumu wa mguu si ugumu wa firigisi, na ugumu wa shingo ni mwingine tena. Kila mmoja una sababu yake, na sababu hiyo ndiyo inayoamua unasafishaje, unapika kwa muda gani na unajuaje kwamba kimeiva.

Mguu hauna nyama

Watoto wanalijua hili kuliko wapishi. Mpe mtoto mguu mbichi uliokatwa kwenye goti, atatafuta ule uzi mweupe unaochungulia pale palipokatwa, atauvuta, na vidole vitajikunja kama ngumi. Uzi ule ni kano. Misuli inayokunja vidole vya kuku haiko mguuni, iko juu, kwenye ile sehemu ya paja inayouzwa ghali. Kilichobaki chini ni kamba za kuvutia, mifupa, gegedu na ngozi nene.

Sasa kano, gegedu, ngozi na hata mfupa vimejengwa kwa protini moja inayoitwa kolajeni. Ichukulie kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tatu zilizobanana. Ikipata joto, kwanza hujikunyata, na ndiyo maana mguu uliochemka dakika 10 tu huonekana umekaza na vidole vimesimama. Ukiendelea kuuacha ndani ya maji ya moto, nyuzi zile huanza kuachana pole pole na kuingia kwenye maji. Zikishaachana si kolajeni tena, ni jelatini. Hiyo ndiyo inayofanya midomo inate ukinywa supu ya miguu, na ndiyo inayofanya supu igande usiku.

Kazi hii inataka maji na muda. Ukali wa moto hauongezi chochote cha maana, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi joto zaidi hata ukimwaga gunia zima la mkaa. Na hapa kwetu kuna jambo dogo la kuongeza. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Tofauti ni ndogo, lakini kwa kitu kinachopikwa saa mbili inaonekana. Ukipewa kipimo cha muda na ndugu yako wa pwani, usishangae miguu yako ikichelewa kidogo, wala usimtukane aliyekuuzia. Sufuria ya presha inaondoa tofauti hiyo, kwa kuwa inalazimisha maji yapite kiwango chake cha kawaida cha kuchemka. Ndani yake miguu ya broila iko tayari baada ya dakika 35 hadi 40.

Ulaini wa mguu uliopikwa vizuri si ulaini wa nyama. Unateleza, unanata, kisha kwenye maungio kuna gegedu linalokatika kwa mlio mdogo. Wapo wanaokataa kabisa. Nimeona, hata hivyo, kwamba waliokulia kwenye mlenda wa Kigogo hawasumbuki na utelezi huo. Ulimi wao umeshazoea chakula kinachoshuka chenyewe.

Soksi ya njano

Miguu ya sokoni huja kwa sura mbili. Ile iliyotoka kwenye machinjio yenye mashine huwa imeshamenywa, myeupe, imebaki na vipande vya ngozi katikati ya vidole tu. Ile ya kuku aliyechinjwa nyuma ya kibanda bado ina utando wa nje wenye magamba, na utando huo lazima utoke. Ndio unaoshika kinyesi na udongo, na haulainiki hata upike mpaka kesho.

Kumenya kunafanana na kuvua soksi, ila joto la maji ndilo linaloamua kama soksi itavuka au itang'ang'ania. Mimi huchanganya sehemu mbili za maji yanayochemka na sehemu moja ya maji ya kawaida kwenye karai. Hapo unapata joto la nyuzi 70 hivi, yaani maji ambayo huwezi kuweka mkono lakini hayatokoti. Natumbukiza miguu 5 au 6 kwa wakati, nahesabu taratibu mpaka 30, kisha natoa mmoja na kuusugua kwa kidole gumba kuanzia kwenye goti kwenda chini. Utando ukisogea, natoa yote. Usiposogea, nahesabu tena 10. Mwenye haraka hutumbukiza miguu kwenye maji yanayotokota akaenda kukata kitunguu. Akirudi utando umeiva juu ya ngozi, umegandana nayo, na kila akivuta anachuna ngozi ya ndani mpaka mfupa unaonekana. Mguu wa namna hiyo haumenyeki tena, bora uuchome tu.

Kuchoma ndiyo njia ya pili, na kwa miguu ya kuku wa kienyeji naipenda zaidi. Unaipitisha juu ya makaa mekundu, unageuza geuza mpaka magamba yavimbe na kupasuka, kisha unakwangua kwa kisu ingali moto. Inaacha harufu ya moshi ambayo supu huipokea vizuri.

Baada ya hapo ni kucha. Usikate popote. Kunja kidole uone mkunjo wa mwisho kabla ya kucha, weka kisu pale pale kwenye ungio na bonyeza. Kisu kinapita bila nguvu. Ukikata juu au chini ya ungio unavunja mfupa, na vipande vyake vyenye ncha vitaishia kwenye supu.

Geuza mguu utazame wayo. Ukiona alama nyeusi katikati, hiyo ni baka la kuungua: kuku alisimama siku nyingi juu ya maranda yaliyolowa na kujaa kinyesi, na amonia ikamchoma. Ikiwa baka ni la juu juu, linatoka pamoja na utando. Ikiwa wayo umevimba, na ukikata unakuta kiini kigumu au usaha, huo mguu ni wa kutupa, hauna cha kuokoa. Rangi ya njano yenyewe isikusumbue. Inatokana na aina ya kuku na alichokula, na kuku wa mayai hupauka miguu kadiri anavyotaga. Mguu mweupe si mguu wa zamani. Uzamani unaujua kwa harufu, na kwa ute unaobaki kwenye vidole vyako ukishaushika.

Neno moja kuhusu maji ya kuoshea. Kuku mbichi hubeba vijidudu vya kuharisha, na vinapenda kuruka na matone. Osha ndani ya beseni, maji yakiwa yametulia, si chini ya bomba linalomwagika kwa nguvu karibu na kachumbari. Ukimaliza osha beseni, kisu, ubao na mikono kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine.

Jiwe la kusagia

Kuku hana meno, kwa hiyo firigisi ndiyo kinu chake. Ni misuli miwili minene, myekundu iliyokolea, iliyobanana kuzunguka mfuko mdogo, na inafanya kazi kila kuku anapokula. Kuku humeza changarawe, misuli inaminya, changarawe zinasaga nafaka. Ili mfuko usisagike wenyewe, ndani yake umewekewa bitana ngumu, ya njano au kijani, yenye mikunjo kama ngozi ya kiatu.

Kazi hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini firigisi mbili zinaweza kutofautiana sana. Broila anachinjwa akiwa na wiki 5 au 6 na amekula chakula kilichosagwa tayari, kwa hiyo kinu chake hakijawahi kusumbuka. Kuku wa kienyeji aliyeletwa kutoka Singida au Kongwa amekula uwele na mtama mzima, wadudu, na chochote alichodonoa uwanjani. Firigisi yake ni nene na ngumu, na inachukua karibu mara mbili ya muda. Kuku wa mayai waliomaliza kutaga wako katikati, ila kwa umri wao nawaweka karibu zaidi na kienyeji.

Kwenye kienyeji utakuta pia mambo ya ajabu. Niliwahi kupasua moja nikatoa kokoto nyeupe zilizolainika kama zimepigwa msasa, punje za uwele, kipande cha chupa kilichoisha ncha, na ushanga mwekundu. Hayo hayana neno, yanaoshwa yanakwisha. Ila ukikuta msumari au waya umechoma mpaka kwenye msuli, na pale ulipochoma pamebadilika rangi, tupa firigisi nzima.

Ukiitazama firigisi kwa ubavu utaona ina pande mbili zilizotuna na ukingo mwembamba unaoizunguka. Kisu kinapita kwenye ukingo. Wengi huipasua moja kwa moja mpaka ndani, wanafungua kama kitabu, wanamwaga uchafu, wanaosha, halafu wanaanza kupigana na ile bitana vipande vipande. Mama mdogo alinionyesha njia nyingine. Anakata ukingo taratibu mpaka ncha ya kisu iguse kitu kigumu chenye rangi ya kijani, hapo anasimama. Kisha anaingiza kidole gumba kati ya msuli na bitana, anazungusha, na mfuko wote unatoka mzima na mchanga wake ndani, kama punje ya ukwaju inavyotoka kwenye ganda. Njia hii inakubali zaidi firigisi ikiwa ya baridi. Ikiwa bado ina joto la kuchinjwa, bitana huteleza na kuchanika. Ikichanika si mkosi, osha tu na umalizie kwa kucha.

Firigisi za broila zinazouzwa kwa kilo huwa zimeshamenywa, lakini usiamini. Zifungue moja moja na pitisha kidole ndani. Kipande cha bitana chenye ukubwa wa ukucha wa mtoto kinatosha kufanya mtu aseme supu ina mchanga, na kina uchungu kidogo juu yake. Mafuta ya njano ya nje unaweza kuyaacha au kuyatoa. Na ule utando wa rangi ya fedha juu ya msuli si uchafu. Ukipika supu uache, utayeyuka. Ukitaka kukaanga haraka, utoe, maana hautapata muda wa kuyeyuka.

Hapo ndipo ilipo siri ya kandambili. Nyuzi za msuli zikipata joto hujikunyata na kukamua maji yake nje. Hilo linatokea mapema, ndani ya dakika chache. Kolajeni inayozifunga nyuzi hizo hulegea baadaye sana. Kati ya mapema na baadaye kuna kipindi kirefu ambacho firigisi imeshapoteza maji yake lakini bado imefungwa kamba. Kwa broila kipindi hicho kinaanza dakika ya 10 hivi na kuisha baada ya saa moja na zaidi. Mimi nilimpa yule mzee firigisi kabla kipindi hicho hakijaisha.

Kwa hiyo milango ni miwili. Wa kwanza ni wa haraka: kata vipande vyembamba kama karatasi nne zilizobebana, mafuta yawe ya moto sana, dakika 3 au 4 basi, mpaka wekundu wa ndani uishe. Utapata kitu kinachokwaruza meno kwa utamu, si laini. Ukitaka kilegee zaidi, nyunyizia vipande vya nusu kilo robo kijiko cha chai cha magadi ya unga yale ya kuokea, subiri dakika 20, kisha osha vizuri. Ukizidisha, rosti inanukia sabuni. Wapo wanaopaka papai bichi lililokunwa, nalo linafanya kazi, ila nusu saa inatosha. Nililisahau usiku kucha mara moja, asubuhi vipande vilikuwa na uji nje na ugumu ule ule ndani.

Mlango wa pili ni wa taratibu, saa moja na nusu kwenye moto mdogo kwa broila, na mpaka saa 3 kwa kienyeji mzee. Jaribio langu ni kijiti cha kuchokolea meno. Kichome kwenye sehemu nene kisha kivute juu. Kikitoka peke yake, imeiva. Kikiinuka na firigisi, rudisha.

Shingo ndiyo yenye nyama

Watu hununua miguu kwa supu na firigisi kwa hamu, shingo wanaichukua kwa sababu imebaki. Wanakosea. Katika tatu hizi ndiyo pekee yenye nyama ya kawaida, na nyama hiyo ina ladha kuliko kidari, kwa kuwa kuku hainui na kuzungusha kitu chochote zaidi ya kichwa chake. Tatizo lake ni mifupa. Shingo ya kuku ina pingili 14, mara mbili ya zetu, na kila pingili ina vijitundu na vijipembe ambavyo nyama imejificha. Ndiyo maana haitaki kuiva kupita kiasi. Nyama ikiachia mfupa kabisa, pingili zinaachana nazo, na mtoto mdogo akipewa bakuli la namna hiyo anaweza kupaliwa.

Kuisafisha ni kazi fupi. Vuta mabaki ya koo na bomba la hewa yakiwapo. Pale palipokatwa kichwa huwa na damu iliyoganda. Loweka shingo kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo kwa dakika 15 na minya kwa kidole, itatoka. Kwa kuku mchanga utaona pia vinundu laini vya rangi ya waridi iliyopauka pande zote mbili, vimejipanga chini ya ngozi. Si ugonjwa, ni tezi alizozaliwa nazo. Ukichukia sura yake vitoe. Ngozi ina mafuta mengi, na mimi huiacha kwenye nusu ya shingo tu, supu isije ikafunikwa.

Dakika 40 hadi 45 zinatosha kwa broila. Ikunje kidogo kwa uma: nyama iteleze juu ya mfupa, lakini maungio yashike.

Sufuria ya saa 11 alfajiri

Baada ya lile somo la sahani, hivi ndivyo nilivyopangiwa, na sijabadilisha kitu tangu siku hiyo. Kipimo cha nyumbani ni kilo 1 ya miguu ya broila, nusu kilo ya firigisi na nusu kilo ya shingo, kwenye lita 4 za maji.

Kwanza miguu inapata maji yake ya kutupwa. Naifunika kwa maji baridi, naiacha ichemke dakika 5, povu la kijivu linapanda, namwaga yote na kusuuza. Wengine wanasema unamwaga utamu. Dakika 5 hazijatoa jelatini yoyote ya kujutia, zimetoa harufu ya banda tu.

Saa 11:00 alfajiri miguu inaanza upya na zile lita 4 pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Ikishachemka napunguza makaa mpaka sufuria iwe inapumua tu, kiputo hapa, kiputo pale. Ukiiacha itokote kwa fujo, mafuta yanavurugika ndani ya maji na supu inakuwa na rangi ya maji ya mchele. Haina madhara, ila wateja wa supu safi hawaipendi.

Saa 11:30 zinaingia firigisi, zikiwa zimekatwa mbili mbili. Povu jipya linapanda, naliengua. Saa 12:15 zinaingia shingo, kila moja vipande vitatu, na kitunguu saumu. Chumvi inasubiri mpaka saa 12:45, vijiko 2 vya chai kwanza halafu naonja, kwa sababu maji yamepungua na ningeitia mwanzo ingekolea kupita kiasi. Pilipili manga inakwenda nayo. Ndimu haiingii sufuriani, inakatwa na kukaa pembeni, kila mtu na bakuli lake.

Saa 1:00 asubuhi natoa kimoja kimoja kupima. Mguu ukibonyezwa wayo kwa kijiko unabonyea na kurudi nusu, na kidole kikivutwa kinatoka na mifupa yake miembamba ikiwa safi, lakini ngozi haijasambaratika. Firigisi inapita mtihani wa kijiti. Shingo zimeshika maungio. Ukikuta firigisi bado, na shingo tayari, toa shingo uziweke kwenye bakuli lenye supu kidogo, firigisi ziendelee. Usikubali kimoja kisubiri kingine ndani ya moto.

Kama firigisi ni za kienyeji mpangilio unageuka: zenyewe zinatangulia saa nzima kabla ya miguu ya broila. Niliwahi kuchanganya firigisi za kienyeji na za broila kwenye kilo moja, nikiona zinafanana baada ya kuoshwa. Hazifanani. Za kienyeji huwa nene, rangi imekolea, na ukizibonyeza mbichi hazibonyei. Siku hizi namuuliza muuzaji kabla, na nikiona anasitasita, nabonyeza.

Anayetaka kukaanga miguu badala ya kunywa supu, aichemshe kwanza kwa saa moja na nusu, kisha aitandaze kwenye ungo mpaka ikauke kabisa, dakika 30 au zaidi kwenye upepo wetu huu mkavu, na aifunike kwa chandarua nzi wasitue. Ngozi ya mguu hufungia maji chini yake. Ikiingia kwenye mafuta ya moto ikiwa mbichi au imelowa, maji yanageuka mvuke, ngozi inapasuka kwa kishindo na mafuta yanaruka mpaka usoni. Toboa wayo kwa ncha ya kisu mara mbili, shusha miguu michache kwa wakati, na mfuniko uwe mkononi.

Jambo moja nalisema kwa sababu nalisikia sana kwa akina mama wanaonyonyesha na wanaouguza: kwamba supu nzito ya miguu ni sawa na kula nyama. Si sawa. Jelatini ni protini, lakini imekosa kabisa triptofani, mojawapo ya vile viungo vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Sehemu nyingine ya mguu ni mafuta. Firigisi ni msuli mtupu, protini nyingi na mafuta kidogo. Kwa hiyo mgonjwa mpe supu, na humo humo msagie firigisi laini au muwekee maharage pembeni. Ugali wa uwele nao unapokea supu hii kuliko ugali wa sembe, kwa maoni yangu.

Ikibaki, usiiache sufuriani juu ya jiko lililozimika mpaka jioni. Kwa joto la mchana wa Dodoma saa moja au mbili ni nyingi. Chuja supu, iweke kwenye vyombo vifupi, vipozee ndani ya beseni la maji baridi, kisha vipeleke kwenye friji. Asubuhi utakuta juu kuna utando mweupe wa mafuta, na chini yake supu imesimama. Ukiinamisha bakuli haimwagiki, ukiligonga ubavuni inatetemeka. Isiposimama, ama maji yalikuwa mengi au miguu ilitolewa mapema. Ikisimama, kata kipande kwa kijiko, tia kwenye sufuria, na iache ichemke kweli kweli kabla ya kumpa mtu.